Ripoti ya udongo wa kiwanja cha Bunju: maswali ya fundi na mwenye nyumba

Kiwanja kiko Bunju, Dar es Salaam, nyumba ni ya ghorofa moja, na ripoti ya uchunguzi wa udongo ina kurasa arobaini na kitu ambazo fundi alizifungua mara moja akazirudisha kwenye bahasha. Majibu haya nimemwandikia yeye, mwenye nyumba, na yeyote mwenye ripoti ya aina hii mkononi. Mimi nilikuwa kwenye kuchoronga mashimo na kwenye maabara, kwa hiyo naeleza nilichokiona. Viwanja vyenu vinaweza kuwa na namba tofauti, lakini namna ya kuzisoma ni ileile.

Ripoti ni ndefu. Nianze kusoma wapi?

Anza na mchoro wa mashimo, ule unaoonyesha udongo kwa tabaka kutoka juu kwenda chini. Achana kwanza na majedwali. Hapa tulichoronga mashimo matatu, kila moja mita 10. Juu kuna nusu mita ya mchanga wenye mizizi. Chini yake, hadi mita 2.2, kuna mfinyanzi wa kijivu, mgumu, ambao ukiuvunja kipande unaona nyuso laini zinazong'aa kana kwamba mtu amezipaka mafuta. Kuanzia mita 2.2 ni mchanga wa kahawia wenye udongo kidogo, na unaendelea hivyo hadi mwisho wa shimo.

Shimo la 3, lile la kona ya nyuma karibu na mwembe, ni tofauti: mfinyanzi umeshuka hadi mita 2.9. Weka alama hapo kwa kalamu nyekundu, tutaparudia.

Ukishauona mchoro huo, sehemu ya pili ya kusoma ni ukurasa wa mapendekezo ya msingi. Yaliyo katikati ni ushahidi, na utayafuata pale tu unapotaka kujua kwa nini tumependekeza hivyo.

N ni nini? Na mbona mfinyanzi una namba kubwa kuliko mchanga wa chini yake?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na fundi aliliuliza mwenyewe. Alikuwa amegundua kwamba mfinyanzi umeandikwa N 19, halafu mchanga wa mita 3 umeandikwa N 14. Akasema, "Sasa mhandisi, kama juu ni pagumu zaidi, mnanichimbisha mita mbili na nusu za nini?"

N ni hesabu ya mapigo. Tunashusha bomba maalumu hadi chini ya shimo, kisha nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa idondoke kutoka urefu wa milimita 760. Bomba linapigwa lizame milimita 450. Mapigo ya milimita 150 za kwanza hatuyahesabu, kwa sababu hapo udongo umeshavurugwa na uchorongaji. Mapigo ya milimita 300 zilizobaki ndiyo N. Namba ndogo maana yake bomba limezama kirahisi.

Sasa, tulichoronga mwezi Septemba, kiangazi. Mfinyanzi ulikuwa umekauka, na mfinyanzi uliokauka ni kama tofali bichi lililoanikwa juani. Nyundo inagonga, bomba linagoma. Rudi mwezi Mei, mwishoni mwa masika, piga palepale, namba itashuka, kwa sababu udongo umekunywa maji ukalainika. Mchanga wa chini haubadiliki namna hiyo. N 14 ya mita 3, 17 ya mita 4.5 na 22 ya mita 6 ni namba za kuaminika kiangazi na masika.

Kwa hiyo N 19 ya mfinyanzi si uongo, ila inajibu swali lisilo letu. Inasema udongo ulikuwa mgumu siku ile. Haisemi utafanya nini ukilowa. Kwa hilo tunakwenda maabara.

LL, PL na PI ni nini?

Ni vipimo vya maji. Chukua mfinyanzi, uongeze maji kidogo kidogo. Kuna kiwango ambacho unaanza kufinyangika, na kuna kiwango cha juu zaidi ambacho unakuwa uji. Cha kwanza ni PL, cha pili ni LL, na tofauti kati yao ni PI. Kipimo cha PL hata mtoto anaweza kukielewa: unaviringisha udongo kwenye kioo kwa kiganja mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3, na unarudia huku ukikauka hadi uzi unapoanza kukatika katika unene huo. Maji yaliyomo wakati huo ndiyo PL.

Hapa tulipata LL 64 na PL 25, hivyo PI ni 39. Maana yake udongo huu unaweza kubeba maji mengi sana kabla haujawa uji, na mahali maji yanapokaa lazima pawe na nafasi. Udongo unavimba ili kuyapa nafasi. Ukikauka unanywea. PI ikipita 35, mhandisi yeyote wa udongo anakaa sawa kwenye kiti.

Kipimo kingine kinachoonekana kwa macho: tulimimina mililita 10 za unga mkavu wa udongo huu kwenye bomba la kioo lenye maji, tukaliacha hadi kesho yake. Asubuhi udongo ulikuwa umefika mstari wa 19. Umeongezeka kwa asilimia 90. Mchanga ungebaki karibu na 10 ileile.

Wazee wa mikoani wanaujua udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi. Huu wa Bunju si mweusi, na juu umefunikwa na mchanga, ndiyo maana mnunuzi wa kiwanja haoni kitu. Tabia ni ileile.

Mimi nitaweka nondo nyingi kwenye msingi. Haitoshi?

Tulipime jambo hili kwa namba. Maabara ilichukua kipande cha mfinyanzi ambacho hakijavurugwa, kikabanwa ndani ya pete ya chuma, kikamwagiwa maji, kisha tukawa tunaongeza uzito juu yake ili kisiinuke. Uzito uliohitajika ulikuwa sawa na tani 12 kwa mita moja ya mraba.

Ukuta wa nyumba ya chini pamoja na paa lake, kwa makadirio, unaleta kama tani 3 kwa kila mita ya urefu. Ukiukalisha kwenye msingi wa upana wa sentimita 60, unabana udongo kwa tani 5 kwa mita ya mraba. Udongo ukilowa wote unasukuma kwa 12, wewe unakandamiza kwa 5. Nyumba itainuka. Nondo hazimzuii anayekusukuma kutoka chini. Kazi yake ni kuufanya msingi usikatike wakati unasukumwa.

Na kuinuka peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba nyumba haiinuki sawasawa. Udongo wa pembeni unapata mvua, wa katikati ya nyumba umefunikwa na uko mkavu, kwa hiyo kingo zinapanda na katikati inabaki. Baada ya miaka kadhaa inaweza kugeuka, kwa sababu unyevu unajikusanya chini ya sakafu na jua linakausha pembeni. Ukuta wa tofali za saruji hauwezi kufuata mchezo huo.

Nitajuaje kama nyufa za nyumba ya jirani zimetokana na udongo huu?

Angalia kona za madirisha na milango. Ufa wa udongo unaovimba mara nyingi huanzia hapo na kwenda kwa mshazari, na una upana usio sawa: mpana upande mmoja, mwembamba kama uzi upande mwingine. Plasta yenyewe ikipasuka kwa kukauka vibaya inatoa vinyufa vyembamba vilivyosambaa kama utando, havina mwelekeo.

Kisha uliza maswali ya majira. Nyumba ya pili kutoka kwenye kiwanja chetu, mama mwenye nyumba alinionyesha mlango wa jikoni ambao seremala ameupiga randa mara mbili. "Masika haufungi, kiangazi unaacha nafasi ya kidole," alisema. Huo ndio ushahidi, kwa sababu mlango uliotengenezwa vibaya haujui kama ni Aprili au Septemba. Uani kwake, pale ambapo mchanga wa juu umekwanguliwa, kulikuwa na mpasuko wa ardhi. Niliingiza kipimo cha utepe kikazama sentimita 60 bila kugusa kitu.

Jirani wa upande mwingine nyumba yake haina ufa hata mmoja. Usishangae. Huenda kwake mfinyanzi ni mwembamba, au alichimba kina bila kujua faida yake.

Basi tujenge vipi?

Ripoti inapendekeza nyumba isimame juu ya nguzo, na kila nguzo ishuke kupita mfinyanzi hadi kwenye mchanga. Kitako cha nguzo kikae mita 2.5 kutoka usawa wa ardhi ya sasa. Kwenye kona ya shimo la 3, ambako mfinyanzi unafika 2.9, kitako kishuke hadi mita 3.2. Ndiyo ile alama nyekundu. Fundi akichimba mashimo yote mita 2.5 kwa sababu "ramani imesema mbili na nusu", kona moja ya nyumba itakaa juu ya mfinyanzi na nyingine zote juu ya mchanga, na hilo ni baya karibu sawa na kutochimba kabisa.

Mashimo ya kina hiki ni hatari kwa anayechimba. Kuta ziegemezwe kwa mbao au shimo lipanuliwe juu, na udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Nguzo inapopita katikati ya mfinyanzi, mfinyanzi unaikumbatia, na ukivimba unaivuta juu. Kwa hiyo sehemu hiyo ya nguzo izungushiwe karatasi nzito ya nailoni tabaka mbili, na kuzunguka nguzo usirudishe mfinyanzi uliouchimba. Jaza moramu, ishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15. Usijaze mchanga mtupu, kwa sababu shimo la mchanga ndani ya mfinyanzi ni ndoo: maji ya mvua yanaingia, hayana pa kutokea, na yanaulisha mfinyanzi wa pembeni taratibu.

Ukubwa wa kitako unapatikanaje?

Ripoti imeandika kwamba mchanga wa mita 2.5 unaruhusiwa kubeba 150 kN/m². Kwa lugha ya site ni tani 15 kwa mita moja ya mraba. Namba hiyo imechaguliwa ili kitako kisizame zaidi ya milimita 25, na tayari ina akiba ya usalama ndani yake. Mchanga hautapasuka ukipita 15 kidogo. Ila utazama zaidi, na nguzo zikizama tofauti tofauti tunarudi kwenye nyufa.

Nguzo ya katikati ya nyumba hii inabeba tani 42. Gawanya kwa 15, unapata mita za mraba 2.8. Kitako cha mita 1.7 kwa 1.7 kina mita za mraba 2.89, kinatosha. Nguzo ya kona inabeba tani 18, inahitaji 1.2, kwa hiyo mita 1.1 kwa 1.1.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye michoro: mchoraji anachukua mzigo ambao umeshaongezwa akiba kwa ajili ya kupanga nondo, anaugawanya kwa namba ya udongo ambayo nayo ina akiba yake. Vitako vinatoka vikubwa bila sababu na mwenye nyumba analipia zege la bure. Ukubwa wa kitako utafutwe kwa mzigo halisi. Mzigo ulioongezwa utumike kwenye unene na nondo.

Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: fundi anapunguza kitako cha 1.7 kiwe 1.5 "kuokoa saruji". Kutoka 2.89 umeshuka hadi 2.25, na mchanga sasa unabanwa kwa karibu tani 19 badala ya 15.

Mkanda wa chini na sakafu navyo?

Mkanda unaounganisha nguzo usikae juu ya mfinyanzi. Uache nafasi wazi ya sentimita 10 chini yake, ili udongo ukivimba uwe na pa kuvimbia. Mafundi wengi hawaipendi kazi hii kwa sababu wamezoea kumwaga mkanda juu ya ardhi moja kwa moja. Njia rahisi ni kufunga mbao chini ya mkanda, kumwaga zege, likishakomaa unazitoa mbao, kisha unaegemeza vibamba vyembamba vya zege pande zote mbili ili kifusi kisiingie kwenye ile nafasi. Mbao zikiachwa ndani, nafasi haipo.

Sakafu ina njia mbili. Ya kwanza ni slebu inayobebwa na mikanda, isiyogusa ardhi. Hiyo ni salama, na ni ghali. Ya pili ni kuondoa mita moja ya mfinyanzi chini ya sakafu, kujaza moramu iliyoshindiliwa, na kumwaga jamvi juu yake likiwa limetenganishwa na kuta na nguzo. Hapo unakubali kwamba sakafu inaweza kucheza kidogo na vigae vichache vikapasuka, lakini nyumba yenyewe haitaguswa. Nilimweleza mwenye nyumba zote mbili akachagua ya pili, isipokuwa bafuni na jikoni ambako bomba zinapita chini. Kwa maoni yangu amechagua vizuri, maana bomba likivunjika chini ya jamvi linalocheza, maji yake yanaenda moja kwa moja kwenye mfinyanzi.

Si tuondoe mfinyanzi wote tujaze kifusi?

Inawezekana. Hapa ni mita 1.7 za mfinyanzi kwenye eneo lote la nyumba na mita moja na nusu zaidi kila upande, na kifusi kishindiliwe kwa tabaka kikipimwa hadi asilimia 95 ya ushindiliaji wa maabara. Kwa nyumba hii malori ni mengi kuliko zege tunalookoa. Kwa kiwanja ambacho mfinyanzi ni nusu mita tu, ningependekeza hivyo bila kusita.

Ripoti inasema maji yako mita 4.6. Basi sitakutana nayo?

Hayo ni maji ya Septemba. Masika, Machi hadi Mei, yatapanda. Zaidi ya hapo, mvua inayopita kwenye mchanga wa juu inasimama juu ya mfinyanzi kwa sababu haupitishi maji haraka, na mashimo yako yatajaa kutoka juu ingawa maji ya chini bado yako mbali. Kama unaweza, chimba kabla ya masika. Shimo likifika kina chake, mwaga blaindingi, yaani zege jembamba la kufunika chini ya shimo, ya sentimita 5 siku hiyohiyo. Likinyeshewa kabla, kwangua tope lote hadi mchanga mkavu uonekane, usimwage zege juu ya tope.

Maji ya nyumba yenyewe yana madhara kuliko ya mvua. Gata za bati zitoe maji mbali, kibaraza cha zege kizunguke nyumba kikiwa na mteremko wa kuelekea nje, na shimo la maji machafu liwe mbali na msingi. Mwembe wa kona ya nyuma nao unakunywa. Mti mkubwa unanyonya maji ya mfinyanzi na kuufanya unywee upande mmoja wa nyumba. Ukikatwa, udongo unarudisha maji na kuvimba. Kama utaukata, ukate mapema, msimu mmoja wa mvua kabla ya kuanza ujenzi.

Udongo wetu una chumvi ya kula zege?

Hapana. Vipimo vya salfeti na kloridi vimetoka chini, saruji ya kawaida inatosha. Wenye viwanja karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, waufungue ukurasa huo kwa makini zaidi.

Jirani anaweza kutumia ripoti yangu?

Ndani ya kiwanja hiki kimoja mfinyanzi umetofautiana kwa sentimita 70 kati ya shimo na shimo. Jibu ni hilo.

Nikichimba nikakuta kitu ambacho ripoti haikusema?

Simama, piga simu kabla ya zege. Mashimo matatu ni vitobo vitatu. Kati yake tumekisia. Katika kila shimo la nguzo, fundi achukue konzi ya udongo wa chini kabisa, alowanishe na ajaribu kuuviringisha kuwa uzi. Mchanga wetu wa kahawia unakatika mara moja. Ukiviringika ukawa uzi mwembamba unaong'aa, bado uko kwenye mfinyanzi, endelea kuchimba. Kwenye nguzo ya nane, ile iliyo mita nne tu kutoka shimo la 2, tulifika 2.5 uzi ukaviringika. Tukaongeza sentimita 30, ukakatika.